Godoro gumu au laini kwa mgongo unaouma kila siku? Na ubao unasaidia nini?

*Mshauri, habari za kazi.*

*Nina miaka 46 na huu ni mwaka wa tatu mgongo unaniuma, chini kabisa usawa wa kiuno. Nilipigwa picha, daktari akasema hakuna kilichovunjika, ni maumivu sugu tu. Asubuhi ndiyo mbaya. Nakaa ukingoni mwa kitanda dakika kama kumi ndipo niweze kuinama kuvaa viatu, kisha nikitembeatembea nachangamka.*

*Kitanda chetu ni cha chuma chenye wavu wa springi uliolegea katikati. Godoro ni la sponji, inchi 6, lina miaka saba. Kila mtu ananiambia nilalie kitu kigumu, kwa hiyo mume wangu akaweka plaiwudi juu ya wavu na godoro juu yake. Mwanzoni nikapata nafuu, hata kumporomokea mwenzangu usiku kukaisha. Baadaye nikaanza kuamka na ganzi begani, na mfupa wa nyonga unauma. Mimi ni mtu wa kulala ubavu, na pale ninapolala godoro limebonyea hadi nausikia ubao. Nikajaribu kulalia ubao na blanketi tu, ikawa mbaya zaidi.*

*Mimi nina kilo 62, mume wangu 95. Dada yangu ananiambia ninunue godoro laini kama lake, lakini pesa ya godoro jipya kwa sasa hatuna. Nilalie pagumu au palaini? Na huu ubao niutoe?*

*Mama wa kulala ubavu*

---

Dada yangu, ubao usiutoe. Unafanya kazi nzuri, ila umeachiwa na kazi ya godoro, ambayo haiwezi. Unachohitaji ni kitanda kisichobonyea kwa chini na chenye ulaini wa kutosha kwa juu, na hilo linawezekana bila godoro jipya. Lakini kwanza tuongee kuhusu huo ushauri wa "lala pagumu", kwa sababu umewatesa watu wengi na bado unatolewa kwa nia njema kabisa.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe ndio waliousambaza. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya kuwauliza madaktari wa mifupa huko Marekani, na karibu robo tatu yao walisema huwashauri wagonjwa wa mgongo walalie godoro gumu. Walichokuwa nacho mkononi kilikuwa uzoefu wa kazini na majaribio madogo sana. Moja la mwaka 1981 lilikuwa na wagonjwa 15 tu waliolalishwa kwenye vitanda vinne tofauti, na kitanda kigumu chenye ubao chini ya godoro ndicho kilichowapendeza wengi wao. Watu 15 ni wachache mno kuwajengea wagonjwa wote sheria.

Jaribio lililobadilisha mambo lilifanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003. Nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu waliochaguliwa wanafanana na wewe: watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalumu uliopatikana, wanaoumia wakiwa kitandani na wakati wa kuamka. Kila mmoja aliletewa godoro jipya nyumbani. Kwa kura, nusu walipata gumu na nusu wakapata la ugumu wa kati, na hawakuambiwa wamepata lipi. Ugumu ulipimwa kwa kipimo cha Ulaya kinachoanzia 1, gumu kabisa, hadi 10, laini kabisa. Godoro gumu lilikuwa 2.3 na la kati lilikuwa 5.6.

Baada ya siku 90, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Lakini waliolalia la kati walipata nafuu kubwa zaidi katika maumivu ya kitandani, maumivu ya kuamka, na hata katika uwezo wa kufanya shughuli za mchana. Kwa uwiano uliokokotolewa, nafasi yao ya kupata nafuu ilikuwa takriban mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo hoja ya kwamba kadiri kitanda kinavyokuwa kigumu ndivyo mgongo unavyopona haikusimama hata pale ilipopimwa kwa haki.

Nakuomba uone pia mipaka ya jaribio hilo. Halikulinganisha godoro la kati na laini sana, kwa hiyo halimpi dada yako ushahidi. Halafu, kama hata waliopewa godoro gumu walipata nafuu, huenda sehemu ya faida ilitokana na kuachana na godoro lililochoka, na sehemu nyingine ni ile hali ya maumivu sugu kupanda na kushuka yenyewe. Jaribio la Denmaki la mwaka 2008 lililinganisha kitanda cha maji, godoro la sponji linalofuata umbo la mwili, na godoro gumu. Hayo mawili ya kwanza yalifanya vizuri kidogo kuliko gumu, lakini tofauti zilikuwa ndogo. Ndiyo maana sikuahidi kwamba kitanda kitakuponya. Kikiwa sawa kinaweza kukupunguzia maumivu ya usiku na ya asubuhi, na kwa mtu ambaye asubuhi ndiyo saa yake mbaya, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi chumbani kwako, maana barua yako imeeleza karibu kila kitu ninachohitaji.

Ukilala ubavu, uzito wako unabebwa na sehemu mbili zilizochomoza: bega na nyonga. Kiuno kiko katikati, kimeingia ndani. Juu ya ubao mtupu, bega na nyonga haziwezi kuzama hata kidogo, kwa hiyo zinaminywa kati ya mfupa na mbao, na ndiyo ganzi na maumivu unayoyasikia. Wakati huo kiuno kinaning'inia hewani bila kitu cha kukishika, na misuli iliyotakiwa kupumzika inakesha ikikishikilia. Juu ya wavu uliolegea kinyume chake kinatokea. Nyonga, ambayo ndiyo nzito, inazama kuliko bega, mgongo unapinda kwa upande, na kila unapotaka kujigeuza inabidi ujinasue kwanza kutoka kwenye bonde.

Hapo ndipo wiki zako za mwanzo zinapoeleweka. Ubao ulifuta bonde la wavu ukapata nafuu ya kweli. Kilichobaki ni bonde la pili, la sponji, ambalo ubao hauwezi kulifikia kwa sababu liko juu yake. Sponji ya inchi 6 ni sentimeta 15. Ikiwa nzima, mtu wa kilo 62 hatakiwi kugusa kitu kilicho chini yake. Wewe unausikia ubao kwenye nyonga, maana yake pale mahali pamoja sponji imekufa, na wewe kwa kweli umekuwa ukilala kwenye mbao tangu kabla hujalitoa godoro.

Ili tusikisie, fanya vipimo viwili, vyote bila gharama. Toa mashuka. Vuta uzi uliokazwa kutoka ukingo mmoja wa godoro hadi mwingine, ukipita juu ya bonde, kisha shusha rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye sponji. Hapo hakuna mtu aliyelala, kwa hiyo unachopima ni kile ambacho sponji imeshindwa kurudisha yenyewe. Sentimeta moja au mbili zinavumilika. Zikifika tatu au nne, mwili wako ukiwa juu utazama zaidi ya hapo, na mgongo utajua. Kisha bonyeza kwa ngumi, ukiegemeza uzito wako, kwenye bonde na halafu upande wa miguuni ambako hakuna anayelala. Tofauti utaisikia mkononi mara moja.

Kipimo cha ubao nacho kifanyike. Kwenye kitanda cha wavu, kosa linalotokea sana ni kukata plaiwudi ndogo kidogo ikakaa juu ya wavu badala ya kukaa juu ya vyuma vya pembeni. Hapo wavu ukizama ubao unazama nao, na hamjabadilisha kitu. Mwombe mume wako akae katikati ya kitanda, wewe uchungulie kwa upande usawa wa ubao. Ukiona unapinda kama upinde, ubao ni mwembamba au haujashika vyuma.

Kwa kitanda cha watu wawili, mmoja akiwa na kilo 95, chagua plaiwudi ya milimita 18 iliyokatwa kufika kwenye vyuma vya pembeni kila upande. Milimita 12 inatosha pale ambapo kuna chaga zilizokaribiana, lakini siyo kuvuka kitanda kizima peke yake. Kama tayari mna ya 12, msiitupe. Mwombe fundi seremala awaongezee mbao mbili au tatu zinazovuka kitanda kwa chini, kutoka chuma hadi chuma, na kimguu kimoja katikati kinachogusa sakafu. Kukata ubao vipande viwili kunarahisisha kuubeba na kuuinua, ila viungane juu ya mbao mojawapo, wala siyo hewani, na maungio yasiwe chini ya nyonga zenu.

Kuna jambo ambalo watu wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Mwili hutoa jasho usiku, unyevu unashuka kupitia sponji, ukifika kwenye ubao unakosa pa kutokea. Baada ya miezi michache mgongo wa godoro unakuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu. Toboa ubao matundu ya upana wa kidole gumba, yakiachana kama sentimeta 15 hadi 20, piga msasa kingo zisikwangue kitambaa, na kila baada ya wiki moja au mbili lisimamishe godoro ukutani nusu siku lipumue. Ukikuta sehemu ya chini ina ubaridi wa unyevu mkononi, ongeza siku za kulisimamisha.

Chini kukishakuwa sawa, ndipo tunashughulikia ulaini wa juu, ambao ndio unaoukosa.

Anza kwa kuligeuza godoro: kichwani kuwe miguuni. Kama ni sponji tupu isiyo na tabaka maalumu la juu, ligeuze pia chini juu. Bonde litahamia mahali ambapo miili yenu haibonyezi sana, yaani usawa wa miguu, iwapo lilikuwa karibu na upande mmoja. Lakini nyonga za watu wengi hukaa karibu na katikati ya kitanda, kwa hiyo huenda bonde likahama sentimeta chache tu. Ikiwa hivyo, kunja shuka kuukuu bapa, liweke kati ya ubao na godoro pale pale chini ya bonde, upime tena kwa uzi. Unataka sehemu ya juu isawazike, isiwe na kilima. Shuka moja au mbili kwa kawaida zinatosha. Ujue tu kwamba unainua sponji iliyokufa, huifufui. Kazi ya shuka ni kukupa miezi kadhaa ya kutafuta pesa bila kuumia.

Kisha ongeza tabaka laini juu ya godoro. Bora kabisa ni kipande cha sponji cha sentimeta 5 kinachofunika eneo lote unalolalia, ambacho ni nafuu kuliko godoro zima. Kama hata hicho hakijapatikana, tumia mablanketi mazito mawili au matatu yaliyokunjwa bapa hadi upate unene wa sentimeta 3 hadi 5, uyafunge kwa shuka lililobana ili yasikusanyike usiku. Yafike kuanzia begani hadi magotini. Blanketi lililokunjwa chini ya nyonga peke yake litaiinua nyonga na kukupindisha upya.

Utajuaje kwamba umepatia? Lala ubavu kama unavyolala siku zote, ukiwa na nguo nyepesi inayobana, na mume wako akupige picha kwa simu kutoka nyuma, simu ikiwa usawa wa godoro. Fuata mstari wa mfupa wa mgongo kuanzia shingoni hadi kwenye kitako. Ukinyooka, mmepatia. Ukizama usawa wa nyonga kama bonde, kitanda bado ni laini mno au kimebonyea. Kiuno kikiwa kimeachwa hewani huku bega likiwa limepandishwa kuelekea sikioni, bado ni kigumu, ongeza tabaka. Kwa anayelala chali, kipimo ni mkono: upitishe chini ya kiuno. Ukipita bila kugusa kitu, ni pagumu mno kwake. Usipopita kabisa, amezama. Unatakiwa upite kwa kusukuma kidogo.

Kwa mtu wa ubavu kuna kitu kingine kidogo chenye faida kubwa kuliko bei yake. Weka mto kati ya magoti, mnene wa kutosha goti la juu lisiangukie mbele na kuizungusha nyonga. Mume wako akilala chali, mto wake uwe chini ya magoti. Na mto wa kichwani ujaze nafasi kati ya sikio na bega. Ukizidi au ukipungua, shingo itapinda na utaulaumu ubao bure.

Umenieleza pia ulivyojaribu kulalia ubao na blanketi, na najua wapo wanaosema sakafu ndiyo tiba. Sakafu naipenda kama kipimo. Lishushe godoro chini usiku tatu mfululizo. Ukiamka vizuri kuliko kitandani, tatizo lilikuwa kwenye fremu. Ukiamka vilevile, tatizo ni sponji. Wewe kipimo hicho umekwishakifanya kwa njia nyingine kwa kutumia ubao. Kama malazi ya kudumu, sakafu siipendekezi kwa mgongo unaokakamaa asubuhi, kwa sababu kuinuka kutoka chini kunaudai mgongo juhudi kubwa kwenye dakika zile zile ambazo haujawa tayari. Kitandani, geuka kwanza ubavu, shusha miguu yote miwili, kisha jisukume kwa mikono. Usijikunje kuinuka ukiwa chali.

Kuhusu dada yako, simbishii kwamba godoro lake linamfaa. Mtu mwepesi kwenye godoro ambalo yeye analiita laini anaweza kuwa anapata ule ule ugumu wa kati, kwa sababu ugumu unategemea na nani amelala. Hapo ndipo na nyinyi wawili mnapotofautiana. Sponji inayokubeba wewe vizuri kwa kilo 62 itamzamisha mwenye 95, na inayomfaa yeye itakuwa kama benchi kwako. Uzuri wa kuanza na ubao mmoja imara ni kwamba tabaka la juu linaweza kuwa upande wako tu. Mkija kununua, fikirieni magodoro mawili membamba ya upana wa mtu mmoja yaliyowekwa sambamba juu ya ubao huo huo, kila mtu na ugumu wake.

Na siku hiyo ya kununua ikifika, usidanganywe na maandishi ya kwamba godoro ni la tiba ya mgongo, maana kinachoitwa gumu kwenye duka moja kinaitwa cha kati kwenye jingine. Uliza uzito wa sponji kwa mita ya ujazo, kwa kilo. Huo hauelezi ugumu. Unaeleza sponji itadumu muda gani kabla ya kubonyea. Zilizo chini ya kilo 20 hubonyea mapema. Zilizo karibu na 30 au zaidi huvumilia watu wazima kwa muda mrefu. Sponji inaweza kuwa ngumu siku ya kwanza na bado ikawa nyepesi, na hiyo ndiyo inayowapata wengi: wananunua ugumu, baada ya mwaka wana bonde. Lala juu yake robo saa hapo hapo dukani, kwa ubavu wako.

Sasa namna ya kujaribu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza ubao ukae sawa, wiki moja baadaye tabaka la juu. Kila asubuhi andika namba mbili, maumivu ya usiku na maumivu ya kuamka, kuanzia 0 hadi 10, na dakika ulizokaa ukingoni kabla ya kuvaa viatu. Siku chache za kwanza zisikuamulie, mwili unazoea. Ganzi ya bega inapaswa kuondoka mapema, ndani ya siku kadhaa, kwa sababu inatokana na kuminywa. Kiuno kipe wiki nne. Kama ganzi imeondoka lakini kiuno kimebaki vilevile, kitanda kimefanya kazi yake, na kinachobaki kinahitaji kutafutwa mchana: unavyokaa, unavyobeba, unatembea kiasi gani. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akupangie mazoezi. Kuongeza muda wa kulala hakusaidii mgongo wa aina hii.

Dakika zako kumi za ukakamavu zinazoachia ukitembea ni za kawaida kwa maumivu haya. Ila zikianza kupita nusu saa kila siku, au maumivu yakawa yanakuamsha nusu ya pili ya usiku na kutulia ukiinuka kutembea, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo, kwani kuna ugonjwa wa baridi yabisi wa uti wa mgongo ambao hujitambulisha namna hiyo na una dawa zake. Hasa mwambie kama maumivu yalianza kabla hujafika miaka 45, jambo ambalo kwa hesabu ya barua yako linawezekana. Rudi pia ukipata homa, ukipungua uzito bila sababu, au maumivu yakawa hayatulii usiku kwa mkao wowote. Na ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukimaliza wiki nne niandikie, unitumie hizo namba pamoja na kipimo cha uzi kabla na baada.